Msichana wa Mambrui aniambia namhoji kama chifu

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni fundi wa friji na vipoza hewa hapa Malindi. Nina miaka 29, sijaoa. Tangu Ramadhani ipite nimekuwa nikionana na msichana wa Mambrui anayeuza leso na vitambaa kwenye duka la mamake mdogo hapa mjini. Nampenda na nia yangu ni njema. Tumetoka mara kadhaa, mchana na mahali pa wazi. Tumekula aiskrimu, na siku moja tukatembea hadi mnara wa Vasco da Gama. Mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo niliandika maswali kwenye simu nisije nikakwama. Mazungumzo yetu huwa hivi:*

*Mimi: Nyinyi asili yenu ni Mambrui?*

*Yeye: Ndiyo, ila mimi nililelewa na nyanya Lamu, hadi alipougua ndipo tukarudi naye huku.*

*Mimi: Sawa. Na kazini unaingia saa ngapi?*

*Yeye: Saa mbili. Lakini siku hizi nachelewa, gari za asubuhi ni taabu.*

*Mimi: Hata mimi! Juzi niliitwa hoteli moja... (nikamweleza kisa chote cha friji ya samaki, mwanzo hadi mwisho).*

*Mara ya mwisho nilimwuliza, "Nyanya yako bado yu hai?" Akasema, "Si nilikwambia naishi naye?" Kisha akacheka, akasema namhoji kama chifu. Rafiki yangu akanishauri nimtazame machoni ili ajue namsikiliza. Nilipomtazama akaniuliza, "Mbona wanikodolea?" Jumapili tunaonana tena. Wallahi namsikiliza, Shangazi. Nifanye nini na yeye aone?*

*Fundi, Muyeye*

Marahaba, mwanangu.

Nakuamini kwamba unamsikiliza. Mtu asiyesikiliza hawezi kuniandikia mazungumzo neno kwa neno namna hii. Ila yeye hana njia ya kuingia kichwani mwako akayaona hayo. Kipimo alicho nacho ni kimoja tu: kitu gani unakisema baada ya yeye kusema. Na hapo, kwa ushahidi wako mwenyewe, kila akimaliza kujibu wewe unarudi kwenye simu yako badala ya kurudi kwenye jibu lake.

Hebu tulisome jibu lake la kwanza pamoja. Swali lako lilitaka ndiyo au siyo. Angeweza kusema "ndiyo" akanyamaza, na asingekuwa amekukosea adabu. Badala yake akaongeza mambo matatu ambayo hukumwuliza: Lamu, nyanya, ugonjwa. Mtu hamwongezei mwenzake maneno hivihivi. Kile anachoongeza bila kuulizwa ndicho anachotaka, au walau yuko tayari, kizungumzwe. Na mara nyingi utakitambua kwa maneno madogo yanayokitangulia: "ila", "lakini", "siku hizi", "zamani", "hadi". Jibu la kwanza lina "ila" na "hadi". La pili lina "lakini siku hizi". Amekufungulia mlango mara mbili katika dakika moja, mara ya kwanza ukasema "sawa" ukapita, mara ya pili ukaingia na friji ya samaki.

Swali linalotoka ndani ya jibu ndilo swali la kufuatilia, na ndilo linalofanya kazi kuliko mengine yote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha kazi yao juu ya mazungumzo ya watu wasiojuana. Baadhi yalikuwa ya ile miadi ya haraka ambayo mtu hukaa na mwenzake dakika chache tu, kengele ikilia huhamia kwa mwingine, na mwisho kila mmoja huandika angependa kuonana na nani tena. Walioulizia zaidi walipendwa zaidi, na maswali yaliyowabeba hasa yalikuwa ya kufuatilia, si yale ya kuanzisha jambo jipya kila mara. Wale walikuwa vijana wa Marekani, na sisi hapa hatuchagui mchumba kwa kengele. Hata hivyo sababu waliyoitoa watafiti inaeleweka hata Mambrui: swali la kufuatilia haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hakusikia jibu. Swali la saa za kuingia kazini ungeliuliza hata kama yeye angejibu kwa Kichina.

Kazini kwako unalijua hili vizuri sana. Ukiitwa kwa friji isiyopoa, mwenyewe akakwambia "ilianza baada ya umeme kupotea", humwulizi tena alinunua rangi gani. Unamwuliza umeme uliporudi ilinguruma au ilikaa kimya, kisha jibu hilo ndilo linalokupa swali linalofuata.

Basi sasa tulirudie lile jibu la nyanya, kwa sababu kujua kwamba unapaswa kufuatilia hakutoshi. Kuna kufuatilia kunakomfungua mtu na kunakomfunga.

Ungeweza kuuliza "Aliugua nini?" Ni swali la kufuatilia, lakini limeruka moja kwa moja hadi pale penye uchungu, na hamjajuana kiasi hicho. Pengine ni ugonjwa ambao watu wa nyumbani hawautaji nje. Lisubiri; akitaka utaambiwa. Ungeweza pia kuuliza "Mlikuwa mkikaa mtaa gani, Mkomani au Langoni?" Hilo si baya, linaonyesha Lamu unaijua kidogo, ila litajibiwa kwa neno moja na mtarudi palepale. Lifaalo hasa ni lile linalompa nafasi ya kusimulia kwa kipimo chake: "Kulelewa na nyanya kulikuwaje?" Au "Ulipotoka Lamu ukaja huku, uliionaje Mambrui?" Hapo anaweza kukueleza juu ya punda, au Maulidi, au jinsi alivyolia wiki nzima, au jinsi alivyofurahi kuondoka. Wewe hujamchagulia.

Angalia maneno unayoanzia swali. "Kwa nini" ipunguze. Mtu akisema "niliacha masomo ya ushonaji" ukamwuliza "kwa nini uliacha?", masikioni mwake unamtaka ajitetee, hata kama hukukusudia. "Ikawaje?" inauliza jambo lilelile bila kumweka kizimbani. "Ilikuwaje", "ukafanyaje", "ukajisikiaje siku hiyo" ni maswali yanayonyoosha mkono, si ya kunyooshea kidole. Nadhani hapo ndipo uchifu wako ulipotoka: si wingi wa maswali, bali kwamba hayakushikana. Asili, saa za kazi, nyanya kama yu hai. Hiyo ni fomu ya kitambulisho.

Halafu akijibu, usikimbilie kusema. Kwa kawaida watu wakizungumza hupokezana kwa haraka mno. Waliopima lugha kumi za mabara mbalimbali, matokeo yakatoka mwaka 2009, walikuta pengo kati ya swali na jibu ni karibu sehemu moja ya tano ya sekunde tu. Kwa hiyo mtu wa kuogopa kukwama kama wewe hujikuta anatayarisha swali lijalo wakati mwenzake bado anasema, na ndivyo "nyanya" ilivyokupita. Jaribu hivi: akinyamaza, vuta pumzi moja kabla ya kufungua kinywa. Moja tu, usije ukamtisha. Mara nyingi ndani ya pumzi hiyo ataongeza kipande kingine mwenyewe, na kipande hicho ndicho bora kuliko vyote vilivyotangulia. Asipoongeza, una pumzi nzima ya kufikiria alichosema.

Juu ya "hata mimi" sitaki unielewe vibaya. Kuna washauri wanaokataza mtu asijitaje kabisa. Siwaungi mkono. Msichana anayeulizwa mchana kutwa na mwanamume asiyejitolea neno lake mwenyewe atahisi anachunguzwa, na ana haki. Kasoro ya friji ya samaki ilikuwa mbili: ilikuwa ndefu, na haikurudi kwake. Jitaje kwa sentensi moja au mbili kisha mpe zamu. "Hata mimi juzi nilichelewa, mwenye hoteli akanikunjia uso. Wewe mama mdogo anasema nini ukichelewa?" Sasa kuchelewa kwako kumekuwa daraja la kufikia kuchelewa kwake. Baada ya maswali mawili matatu, toa kitu chako kidogo, hata kama hakuuliza. Kikimvutia atakufuatilia na yeye. Hapo ndipo mazungumzo huanza kujiendesha na simu yako haihitajiki.

Nikupe picha ya Jumapili ikienda vizuri. Tuseme mmekaa kwenye benchi karibu na gati, mnatazama maji.

"Leo bahari imekuwa nyekundu," anasema. "Mvua ya juu hiyo, Sabaki imeshuka."

Fundi wa orodha angejibu, "Ndiyo. Unapenda kuogelea?" Wewe usijibu hivyo. Yeye hupita daraja la Sabaki kila siku asubuhi na jioni. Mto ule ni wake kuliko wako. Sema, "Wewe unaupita kila siku. Leo ulikuwaje pale darajani?"

"Umejaa, umebeba magogo. Nyanya akiuona hivyo hanilazi, anasema nisije kazini."

Pumzi moja. Ona alivyomleta nyanya mwenyewe.

"Kumbe nyanya ni mwoga wa maji, na amekulia Lamu?"

"Weee! Maji ya bahari haogopi, anaogopa ya mto. Anasema bahari ina adabu."

Cheka kama inachekesha, kwa sababu inachekesha. Kisha: "Ana maneno huyu. Ni yeye aliyekufundisha kusema hivyo unavyosema?" Au ukae kimya umwache aendelee. Katika dakika mbili umejua kitu ambacho maswali ishirini ya simu yasingekupa, na hukuuliza swali hata moja lililotayarishwa.

Sasa macho. Rafiki yako alikushauri kitu kizuri akasahau kukupa kipimo. Watafiti wa London waliwahi kukipima, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliwaonyesha wageni wa jumba moja la makumbusho, karibu watu 500, video za mtu anayewatazama, wakawauliza wakati gani wanaanza kuona vibaya. Wastani ulikuwa sekunde tatu na kitu. Wengi sana walitaka kati ya mbili na tano, na hakuna aliyetaka zaidi ya tisa. Ile ilikuwa video, tena kwa Wazungu na wageni wao, kwa hiyo usije na saa mkononi. Chukua tu hili: hata mahali ambapo kutazamana machoni ni adabu, hakuna anayependa kutazamwa bila kupumzishwa. Wewe nadhani ulimkazia kama unayetafuta gesi inapovuja.

Kuna mpangilio wa kawaida ambao watu huufuata bila kufundishwa. Anayesikiliza humtazama msemaji zaidi, na anayesema hutazama pembeni akitafuta maneno, kisha humrudia msikilizaji anapokaribia kumaliza. Kwa hiyo wewe mtazame wakati yeye anasema, hasa pale anapomaliza sentensi na macho yake yakarudi kwako, maana hapo anaangalia kama bado upo. Akikuta unamtazama mtu anayepita na mkokoteni wa madafu, sentensi inayofuata haitasemwa. Zamu yako ya kusema ikifika, tazama baharini upendavyo.

Na usisahau uko wapi. Kwetu pwani binti aliyelelewa na nyanya wa Lamu anaweza kuinamisha macho anapozungumza na mwanamume asiye ndugu yake, na hiyo ni heshima tu. Usidhani hakupendi, wala usiinamishe kichwa kuyatafuta macho yake. Ndiyo maana nakwambia benchi badala ya meza ya aiskrimu. Mezani mnakabiliana, hakuna pa kuyapeleka macho isipokuwa kwenye kikombe. Mkikaa sambamba, kati yenu nafasi ya mkoba, bahari inabeba nusu ya kazi; ukimgeukia pale anaposema jambo lenye uzito, mgeuko huo utamfikia zaidi kuliko kukodoa kwa saa nzima. Dalili za kuzidisha ni rahisi kuziona: anarekebisha mtandio usiohitaji kurekebishwa, anafungua simu isiyolia, bega linageukia upande wa pili, majibu yanafupika. Ukiziona, usimwulize "mbona?" Tazama mbali, mwache apumue, endelea na mambo.

Tukiwa kwenye macho, simu yako. Najua friji za hoteli hazina Jumapili, na samaki wa watu wakioza utalaumiwa wewe. Lakini simu iliyolazwa kwenye benchi inamwambia kwamba kuna mtu wa tatu anayesubiriwa. Iweke mfukoni. Kama kuna kazi unayoitarajia, mwambie mapema kabisa: "Kuna hoteli wana shida ya chumba cha baridi, wakipiga itabidi nipokee, wengine sitapokea." Kisha wakipiga wengine, kweli usipokee. Ataona.

Sasa kumbukumbu, na hapa ndipo jeraha lako lilipo. Orodha yako uliiandika kabla ya kuonana. Iandike baada ya kuonana. Usiandike mbele yake, wala usijifanye unajibu ujumbe kumbe unaandika. Mkishaagana, kabla hujapanda bodaboda, andika mambo matatu usiyotaka yakupotee. Usingoje usiku. Mjerumani mmoja aliyeitwa Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akachapisha matokeo mwaka 1885, na alichokikuta ni kwamba tunachosahau, sehemu kubwa tunaisahau katika saa za mwanzo, kisha kinachobaki hupotea polepole. Ukifika Muyeye ukaoga ukala ndipo uanze kukumbuka, nyanya atakuwa ameshapita na maji.

Ya kuandika ni yapi? La kwanza, majina na watu: nani anaishi naye, mdogo wake anaitwaje, mama mdogo ni wa upande gani. Hayo ndiyo ukiyakosea yanauma, na umeshaonja. La pili, chochote chenye siku mbele yake: "Jumatano nampeleka nyanya kliniki", "wiki ijayo tunapokea leso mpya kutoka Mombasa". Hayo ni dhahabu, kwa sababu yanakupa swali la kufuatilia ambalo linaweza kuulizwa siku nyingine, wakati yeye hatarajii. Jumatano jioni ukimwandikia "Kliniki mlimaliza salama?", umemfanyia kitu ambacho maua hayafanyi. La tatu, kitu kidogo cha ladha au tabia: kwamba chai hainywi na tangawizi, kwamba hapendi kukaa upepo unakotoka kwa sababu ya mtandio, kwamba gari lake la kurudi Mambrui anataka alipande kabla ya Maghribi.

Hili la mwisho nataka ulishike. Saa kumi na moja ikikaribia, usingoje yeye aanze kuangalia saa na kutafuta namna ya kukatiza maneno yako. Simama wewe kwanza. "Twende, usije ukakosa gari, nyanya akakesha." Msichana hatakwambia lolote, atachukua mkoba tu. Lakini nyumbani ataulizwa huyo kijana yukoje, na hilo atalisimulia.

Kumbukumbu nayo ina kipimo. Ukimrudishia kila alichosema tangu siku ya kwanza, atahisi ana faili. Leta kimoja kwa siku moja, pale kinapohusika, kisha kiache. Kwenye chai usitangaze "nakumbuka hupendi tangawizi" kama unayedai zawadi; mwulize tu, "Yako bila tangawizi, au leo?" Ukimwachia hiyo "au leo", unampa ruhusa ya kubadilika, maana watu si friji. Jambo alilokuambia kwa huzuni usilitumie kufungulia mazungumzo. Msubiri alitaje, ndipo uonyeshe kwamba hulisikii upya. Na alichokiweka Facebook bila kukuambia wewe si kumbukumbu, ni upelelezi. Ukitaja picha ya harusi ya binamu yake ya miaka mitatu nyuma, utakuwa chifu tena, mara hii na askari wako.

Utasahau tu, hata ukiandika. Ukisahau usibahatishe. "Nyanya yako bado yu hai?" ilikuwa kubahatisha, na kati ya maswali yote ya kubahatisha umechagua zito. "Uliniambia mdogo wako yuko kidato gani? Limenitoka," inasameheka mara moja, kwa sababu inaonyesha ulijua kuna kitu cha kukumbuka.

Nikutahadharishe na jambo moja. Haya yote hayamlazimishi mtu akupende. Ukifuatilia vizuri na yeye akajibu kwa neno moja, ukabadilisha jambo akajibu kwa neno moja, ukatoa chako akasema "aha", basi hana la kuongeza leo, na mara ya nne itakuwa usumbufu. Nunua maji, mnyamaze kidogo, mrudi mapema. Pengine amechoka, dukani anasimama kutwa. Ikiwa hivyo kila mara, ujue amekujibu. Vilevile hesabu upande wa pili. Ukimsikiliza miezi mitatu na yeye hajakuuliza hata siku moja ile friji ya samaki iliishaje, hilo nalo uliandike kwenye simu. Ila kwa huyu sioni dalili hiyo. Msichana aliyechoka na mtu hamtanii kwa kumwita chifu, humwambia yuko bize.

Orodha ifute leo, acha mstari mmoja tu wa kukuokoa ukikwama kabisa. Ningekuchagulia huu: "Wiki hii dukani ikawaje?" Haukosi jibu, na jibu halikosi "ila".

Na usingoje Jumapili. Kesho, baada ya Isha, mwandikie kwenye WhatsApp: "Nilikosea kuuliza vile juu ya nyanya. Anaendeleaje?" Usiongeze kitu kingine, usitume na picha ya waridi. Akikujibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, usikilize hadi mwisho kabla hujaandika neno, na uandike juu ya kile alichokisema mwishoni.